Kuharisha sugu kwa mwenye VVU: maabara hujibu kile ilichoulizwa

Mtu mwenye VVU ambaye chembe zake za kinga, CD4, zimeshuka chini ya 200, akiharisha kwa mwezi mzima, mara nyingi faili lake huwa na karatasi mbili tatu za majibu ya choo zinazofanana: hakuna amiba, hakuna giadia, hakuna mayai ya minyoo. Pamoja na karatasi hizo kuna dozi ya metronidazo, kisha dozi nyingine ya metronidazo, kisha siprofloksasini. Mgonjwa anazidi kukonda. Msimamo wangu ni kwamba mgonjwa akifika hapo, kubadilisha dawa tena ni kupoteza muda. Kinachotakiwa kubadilika ni kipimo. Vimelea vinavyoongoza kwa kumharisha mtu mwenye kinga iliyochoka kiasi hicho havionekani kwa urahisi kwenye kipimo cha kawaida cha choo, na karatasi inayosema "hakuna vimelea" inazungumzia vile tu vilivyotafutwa.

Tukitazame kipimo chenyewe. Mtaalamu wa maabara anachukua chembe ya choo, anaichanganya na tone la maji ya chumvi kwenye kioo, anafanya vivyo hivyo na tone la ayodini, anafunika, anaweka chini ya hadubini. Kwa njia hiyo ataona amiba inayojikokota, giadia, mayai ya minyoo, vibuu vya mnyoo strongiloidi. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake. Lakini kriptosporidiamu ni kiduara cha mikromita 4 hadi 6, kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, hakina rangi, na kwenye kioo kinafanana na hamira ambayo imejaa kwenye choo cha karibu kila mtu. Mikrosporidia ni vidogo zaidi, mikromita 1 hadi 2, ukubwa wa bakteria. Sistoisospora ni kikubwa, urefu wake hufika mikromita 25 hadi 30, ila ganda lake ni angavu kama maji, na huenda kikatoka leo kichache na kesho kisitoke kabisa. Jicho lenye haraka linapita juu yake.

Kinachovifichua viwili kati ya hivi, kriptosporidiamu na sistoisospora, ni kupaka rangi kwa njia ya asidi iliyorekebishwa. Kioo kinapakwa fuksini ya kaboli, kinaoshwa kwa asidi hafifu kwa sekunde chache, halafu kinapakwa rangi ya pili ya kijani au bluu. Hamira inapoteza wekundu wake na kubeba rangi ya pili. Vimelea vinabaki vyekundu kwenye uwanja wa kijani. Jambo linalonisikitisha hapa ni kwamba rangi hizi ni ndugu wa zile zinazotumika kutafuta kifua kikuu kwenye makohozi. Maabara inayosoma makohozi kwa hadubini ina karibu kila kinachohitajika. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye fomu ya maombi: "CD4 chini ya 100, anaharisha wiki tisa, tafuta kriptosporidiamu na sistoisospora." Bila mstari huo, mtaalamu wa maabara hana sababu ya kutoa chupa za rangi kabatini.

Nitaeleza kwa mfano wa mgonjwa niliyemtunga kutokana na sura ninazozijua. Ni mama wa miaka 36. Aliacha ARV miezi 14 iliyopita, na septrini ya kinga, antibiotiki ya kila siku ya kuzuia magonjwa nyemelezi, aliiacha wakati huohuo. Anaharisha kwa wiki tisa, mara nane hadi kumi kwa siku, usiku anaamka. Uzito umetoka kilo 58 hadi 44. Ameshapimwa choo mara mbili kwa njia ya kawaida, mara zote hakuna kitu. Metronidazo hazikumsaidia. Siprofloksasini ilimpa nafuu ya siku chache, kisha akarudi palepale.

Swali la kwanza la maana kwake halihitaji mashine.

"Mama, ukienda chooni, kinachotoka ni kingi au ni kidogo kidogo?"

"Ni maji matupu, daktari, mengi. Hata nikinywa uji unapita."

"Kuna damu, au ute?"

"Hapana."

"Na ukimaliza, unahisi bado kuna kitu kinataka kutoka?"

"Hapana. Nikimaliza nimemaliza, ila tumbo linasokota hapa kitovuni."

Majibu hayo yanaelekeza utumbo mwembamba. Choo kingi cha majimaji, msokoto kuzunguka kitovu, kichefuchefu na kukonda kwa kasi ni lugha ya vimelea vilivyokaa kwenye kuta za utumbo mwembamba na kuharibu uwezo wake wa kufyonza. Angekuwa anatoa kidogo kidogo, mara nyingi, kwa kujikamua, pamoja na damu na ute, tungeelekea utumbo mpana, na orodha ingebadilika: amiba, shigela, kampailobakta, bakteria wa klostridiamu difisile kwa aliyekula antibiotiki nyingi, na kwa mwenye CD4 chini ya 50, virusi vya saitomegalo. Angekuwa na homa na jasho la usiku, choo kingekuwa jambo la pili. Kwanza ningetaka damu ioteshwe kutafuta salmonela, na kifua kikuu kitafutwe kwa makohozi na kwa kipimo cha mkojo cha LAM, kwa sababu kifua kikuu na ndugu yake maikobakteria aviamu hujificha ndani ya mwili mzima na kuharisha kukawa dalili mojawapo tu. Mgawanyo huu si ukuta. Mtu mwenye CD4 chache anaweza kubeba vimelea viwili kwa pamoja, kimoja juu na kingine chini. Lakini unakupa mahali pa kuanzia.

Mama huyu hana homa. CD4 zake ni 38. Vipimo vya damu vinaonyesha potasiamu ya 2.7 na kreatinini ya 150, yaani amekauka na figo zimeanza kulalamika. Kwenye picha kamili ya damu kuna kitu ambacho wengi wangekiruka: chembe nyeupe ni elfu 4.1 tu, lakini eosinofili, aina moja ya chembe hizo, ni asilimia 22. Kriptosporidiamu kwa kawaida haipandishi eosinofili, wala mikrosporidia. Kwa mtu anayeharisha maji, eosinofili zikipanda unafikiria sistoisospora au strongiloidi. Ukiongeza nafuu fupi aliyoipata kwenye siprofloksasini, ambayo humgusa sistoisospora ingawa si kwa nguvu ya septrini, picha inaanza kujichora kabla kioo hakijafika kwenye hadubini.

Sampuli zinachukuliwa tatu, kila moja siku yake. Sababu nimeshaitaja: vimelea hivi hutoka kwa vipindi. Choo cha majimaji kifike maabara haraka, kwa sababu amiba hai haingoji, na kisichoweza kupimwa mapema kiwekwe kwenye dawa ya kuhifadhi kama fomalini. Sampuli ikusanywe na kulimbikizwa kwa mashine ya kuzungusha kabla ya kupakwa rangi, kwani kupaka tone moja la maji ya choo ni kutafuta kitu kichache ndani ya kitu kingi. Kwa mama huyu sampuli ya kwanza ilikuwa tupu hata kwa rangi. Ya pili ilionyesha maumbo marefu ya yai, mekundu, urefu wa mikromita 28 hivi, mengine yakiwa na mviringo mmoja ndani. Hiyo ni sistoisospora. Hapa kipimo cha ukubwa ni muhimu kuliko rangi, na fomu ya majibu inapaswa kuandika mikromita. Vyekundu vya 4 hadi 6 ni kriptosporidiamu. Vya 8 hadi 10 ni saiklospora. Virefu vya 25 na zaidi ni sistoisospora. Jibu linalosema tu "vimelea vyekundu vimeonekana" halimsaidii mtu, maana matibabu ya kriptosporidiamu hayafanani na ya hao wengine wawili.

Kwa sistoisospora dawa ni septrini, na hufanya kazi vizuri sana. Dozi inayotumika ni miligramu 960 mara nne kwa siku kwa siku kumi, au mara mbili kwa siku kwa wengine. Figo za mama huyu ziliamua mpangilio: kwanza dripu na ORS, potasiamu ikirudishwa taratibu kwa kupimwa tena na tena, kisha septrini kamili kreatinini ilipoanza kushuka. Siku ya tatu ya dawa alikwenda chooni mara mbili. Hiyo ndiyo kasi ya kutarajia. Kuharisha kusipopungua ndani ya siku chache, ama kimelea si hicho, ama kuna kingine pamoja nacho, ama dawa haimezwi au inatapikwa.

Kwa hiyo nasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Pale ambapo maabara haiwezi kupaka rangi, au majibu yatachukua majuma, mgonjwa mwenye CD4 chini ya 100, anayeharisha maji bila homa na bila damu, ambaye hajawa kwenye septrini ya kinga na hana mzio wa salfa, apewe septrini ya matibabu badala ya metronidazo ya tatu. Ikiwa ni sistoisospora au saiklospora, atapona na utaona ndani ya wiki. Ikiwa si hao, utakuwa umejua kitu, na hatapata hasara ya wiki nyingine mbili za dawa ambayo tayari imeshindwa mara mbili. Mwenye septrini ya kinga kila siku, anayeimeza kweli, ni habari tofauti. Kwake sistoisospora inakuwa na nafasi ndogo, na dhana inaegemea kriptosporidiamu au mikrosporidia. Ndiyo maana swali "unameza septrini, na mara ya mwisho ulimeza lini?" lina uzito wa kipimo.

Sasa tuseme kioo kingeonyesha viduara vya mikromita 5. Hapa ndipo watu wengi, wataalamu na familia, huvunjika moyo, kwa sababu hakuna dawa ya kriptosporidiamu inayotegemeka kwa mtu ambaye kinga yake iko chini. Nitazoksanidi ilijaribiwa kwa watoto nchini Zambia, matokeo yakatoka mwaka 2002. Iliwasaidia watoto wasio na VVU, na haikuwasaidia wenye VVU. Paromomaisini nayo imeleta nafuu isiyodumu. Kinachoondoa kimelea hiki ni kinga yenyewe ikirudi, na kinga hurudishwa na ARV. Kadiri CD4 zinavyopanda kuelekea 100 na kuipita, kuharisha hupungua na mara nyingi hukoma kabisa. Kwa hiyo kwa kriptosporidiamu, ARV ndiyo tiba. Maji, chumvi, chakula na dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo kama loperamaidi, mradi hakuna damu wala homa, vinamshikilia mgonjwa mpaka tiba hiyo ifanye kazi. Akianza kulalamika maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, njia za nyongo zitazamwe, maana kimelea hiki hupanda huko.

Kuhusu maji ya kunywa kuna kosa ambalo linahitaji kusahihishwa. Dawa ya klorini inayotiwa kwenye maji haimuui kriptosporidiamu kwa kiwango kinachonyweka. Mwaka 1993 katika jiji la Milwaukee, Marekani, maji ya bomba yaliyopita kwenye mtambo wa kusafisha yaliambukiza watu wanaokadiriwa kuzidi 400,000. Mwenye CD4 chache anywe maji yaliyochemka. Yakishatokota kwa dakika moja yanatosha, isipokuwa nyanda za juu sana ambako huchukua dakika tatu.

Mikrosporidia navitaja kwa ufupi kwa sababu uwezo wa kuviona ni mdogo zaidi. Vinahitaji rangi nyingine, ya trikromu iliyorekebishwa, na jicho lililozoea. Albendazo ya miligramu 400 mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne, hutibu kundi moja la vimelea hivi, lakini yule anayeonekana mara nyingi zaidi kwenye utumbo, enterositozooni, haitikii vizuri. Kwake pia jibu linarudi kwenye ARV. Panapopatikana kipimo cha vinasaba cha choo kinachotafuta vimelea vingi kwa mkupuo, ni hatua nzuri, lakini soma orodha yake kwanza. Vingi vimeundwa kwa wagonjwa wa kawaida wa kuharisha, na huenda sistoisospora na mikrosporidia visiwemo. Kosa lilelile la kipimo cha chumvi linaweza kurudi limevaa mashine ya bei kubwa.

Kamera ya utumbo na kukata kinyama cha kupima vina mahali pake: baada ya sampuli tatu zilizopimwa ipasavyo kutoka tupu, kwa mtu anayeendelea kuharisha na mwenye CD4 chini ya 100, na mapema zaidi kwa mwenye damu kwenye choo na CD4 chini ya 50. Virusi vya saitomegalo kwenye utumbo mpana huthibitishwa kwa kinyama, na tiba yake, gansiklovia, si dawa ya kutoa kwa kubahatisha. Hata hivyo mgonjwa asikae bila ARV akisubiri foleni ya kamera.

Hapo tunagusa swali ambalo familia huuliza kila mara: je, asubiri kuharisha kukome ndipo arudie ARV? Hapana. Kuharisha peke yake si sababu ya kusubiri. Kinachoweza kuchelewesha ARV ni uambukizo wa ubongo: homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokokasi au ya kifua kikuu. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mtu mwenye CD4 chini ya 200 apimwe antijeni ya kriptokokasi kwenye damu na achunguzwe kifua kikuu. Mama wa mfano wetu alitoka salama katika vyote viwili, kreatinini ikashuka hadi 88, akarudishiwa ARV zenye dolutegravia siku ya tano. Kuna jambo dogo hapa ambalo husahaulika. Mgonjwa anayeharisha hupewa vidonge vya chuma, kalsiamu, wakati mwingine dawa ya kiungulia yenye magnesiamu, na vyote hivi hushikana na dolutegravia tumboni ikashindwa kufyonzwa. Dolutegravia imezwe saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baada yake.

Ikiwa mgonjwa alikuwa kwenye ARV wakati wote na bado CD4 zimeanguka, usianze kwa kulaumu utumbo wala kwa kumlaumu yeye. Pima wingi wa virusi. Virusi vikiwa vingi, ama dawa hazimezwi ama zimeshindwa, na kutibu choo bila kugusa hilo ni kumrudisha wodini baada ya miezi miwili. Virusi vikiwa vimefubaa na CD4 ziko juu, kuharisha kwake pengine si kwa vimelea nyemelezi: angalia dawa zenyewe, hasa lopinavia na ritonavia ambazo huharisha, au metfomini kwa mwenye kisukari aliyebadilishiwa kwenda dolutegravia, kwa kuwa dolutegravia huongeza kiwango cha metfomini kwenye damu.

Baada ya siku kumi mama alikuwa na choo kigumu na alikuwa ameongeza kilo mbili. Alipewa septrini ya kinga, miligramu 960 kila siku, na hapa ndipo wengi hupotea. Akijisikia mzima ataona hakuna haja ya kidonge. Utafiti uliofanyika Haiti na kuchapishwa mwaka 1989 uliwagawa wagonjwa waliokuwa wamepona sistoisospora. Nusu ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walirudiwa na kuharisha, kwa wastani baada ya miezi miwili hivi. Kwa hiyo septrini inaendelea mpaka CD4 zivuke 200 na kukaa hapo kwa zaidi ya miezi sita huku virusi vikiwa vimefubaa. Tarehe ya kupima CD4 tena iandikwe kwenye kadi yake kabla hajatoka, pamoja na jina la kimelea kilichopatikana, ili siku akirudi anaharisha, atakayempokea ajue cha kuandika kwenye fomu ya maabara.